Thamani ya Mchezo Huu Si Sifuri

Kuna kijitabu cha maswali ya marudio ambacho wanafunzi wa hisabati hapa Kisumu wamekuwa wakipigiana fotokopi msimu huu wa mitihani, na jibu lake la swali la michezo ya jumla sifuri limenikera kiasi cha kunifanya niandike. Swali lenyewe ni zuri. Wachezaji wawili, tuwaite Shufwa na Witiri, wanaonyeshana vidole kwa wakati mmoja, kila mmoja kimoja au viwili. Jumla ya vidole ikiwa shufwa, Shufwa anapokea kutoka kwa mwenzake sarafu za shilingi 10 sawa na idadi hiyo ya vidole. Jumla ikiwa witiri, Witiri ndiye anayepokea. Malipo ya Shufwa, kwa sarafu, ni haya:

```
              Witiri: 1   Witiri: 2
Shufwa: 1         2          -3
Shufwa: 2        -3           4
```

Kijitabu kinasema kwamba thamani ya mchezo, yaani wastani wa Shufwa kwa kila raundi pande zote mbili zikicheza vizuri iwezekanavyo, ni 0, na kwamba kwa hiyo mchezo ni wa haki. Hakuna hatua hata moja ya uthibitisho inayofuata. Binti mmoja wa mwaka wa tatu ninayemsaidia na masomo jioni, huku Kondele, alilitetea jibu hilo kwa ari: "Mwalimu, si nikijumlisha napata sifuri? Mbili na nne ni sita, nikitoa tatu na tatu hakuna kinachobaki." Hesabu yake ni sahihi, lakini inajibu swali jingine, yaani Shufwa atapata nini iwapo masanduku yote manne ya jedwali yana uwezekano sawa wa kutokea. Witiri halazimiki kucheza hivyo, na mtu mwenye akili aliyeketi upande wa Witiri hatacheza hivyo.

Thamani ya kweli ni hasi moja juu ya kumi na mbili, yaani -1/12 ya sarafu kwa kila raundi. Ni kiasi kidogo, lakini Shufwa anayecheza raundi 120 atarajie kupoteza shilingi 100 kwa wastani, hata akicheza kwa ustadi wote unaowezekana. Kuuita mchezo wa namna hiyo kuwa wa haki ni kumdanganya anayeweka fedha zake mezani.

Tuanze upande wa Shufwa. Tuseme anaonyesha kidole kimoja kwa uwezekano p1 na viwili kwa uwezekano p2. Witiri akionyesha kimoja, wastani wa Shufwa ni 2p1 − 3p2; Witiri akionyesha viwili, wastani huo ni −3p1 + 4p2. Shufwa hajui ni kipi kati ya hivyo kitamkuta, kwa hiyo anachoweza kujihakikishia ni kile kilicho kidogo zaidi, na anataka hicho kilicho kidogo kiwe kikubwa iwezekanavyo. "Kidogo zaidi kati ya viwili" si usemi wa mstari, na hapa ndipo ufundi wote ulipo: tunaingiza kigezo kipya v, tunadai kwamba wastani wa kila safuwima usipungue v, kisha tunaikuza v. Masharti ni 2p1 − 3p2 ≥ v, −3p1 + 4p2 ≥ v na p1 + p2 = 1, huku p1 na p2 zikiwa si hasi. Hiyo ni programu ya mstari kamili, yaani tatizo la kukuza au kupunguza usemi wa mstari chini ya masharti ya mstari. Kuhusu v hakuna sharti la kuwa chanya, na hilo ndilo jambo ambalo kijitabu kimelisahau.

Vitabu vingi vya kiada hufika kwenye mbinu ya simpleksi, njia ya kutatua programu za mstari, kwa kugawanya kila kitu kwa v. Ukiweka x1 = p1/v na x2 = p2/v, sharti la jumla ya uwezekano hugeuka kuwa x1 + x2 = 1/v, na kuikuza v kunakuwa sawa na kuipunguza x1 + x2. Mbinu hiyo ni nzuri, lakini inategemea v kuwa chanya. Ikiwa v ni hasi, kugawanya kunageuza alama ya kutolingana, na ikiwa v ni 0, hakuna kugawanya. Ukiitumia kwenye jedwali letu kama lilivyo, utadai 2x1 − 3x2 ≥ 1 pamoja na −3x1 + 4x2 ≥ 1, na hakuna namba mbili zisizo hasi duniani zinazotimiza masharti hayo mawili kwa pamoja.

Tiba yake ni ya zamani na ni nyepesi. Ongeza namba moja ileile kwenye kila sanduku hadi yote yawe chanya, tatua, kisha itoe namba hiyo mwishoni. Kuongeza 4 kila mahali ni sawa na Witiri kumpa Shufwa sarafu 4 kabla ya kila raundi, jambo ambalo halibadilishi namna ya kucheza ya yeyote kati yao. Jedwali linakuwa 6 na 1 juu, 1 na 8 chini. Tunapunguza x1 + x2 chini ya masharti 6x1 + x2 ≥ 1 na x1 + 8x2 ≥ 1. Mistari hiyo miwili inakutana mahali ambapo x1 = 7/47 na x2 = 5/47, jumla yake ni 12/47, kwa hiyo thamani ya mchezo ulioongezwa ni 47/12. Tukizidisha, p1 = 7/12 na p2 = 5/12; tukiitoa ile 4, tunabaki na −1/12.

Sasa nije kwenye kosa lenyewe, kwa sababu nimelitafuta hadi nikaliona, na wanaolifanya hawaonywi na chochote. Kompyuta nyingi za wanafunzi zina `linprog` ya `scipy`, maktaba ya hesabu ya lugha ya Python, na kitatuzi hicho, usipokiambia vinginevyo, huchukulia kwamba kila kigezo ni sifuri au zaidi, pamoja na kile kinachobeba thamani ya mchezo. Ukiandika programu ya upande wa Shufwa bila kulirekebisha hilo, unajibiwa kwamba hakuna suluhisho, na angalau unashtuka. Ukiandika ya upande wa Witiri, hushtuki kabisa. Witiri anataka kuipunguza w, ambayo ni kiwango cha juu kabisa Shufwa anachoweza kupata, chini ya masharti 2q1 − 3q2 ≤ w na −3q1 + 4q2 ≤ w, huku q1 na q2 zikiwa uwezekano wake wa kuonyesha kimoja na viwili. Kwa kuwa w imezuiwa kushuka chini ya sifuri, kitatuzi kinafika sifuri, kinasimama hapo, na kinatangaza kwamba kimefaulu. Kinakupa w = 0 pamoja na q1 yoyote iliyo kati ya 4/7 na 3/5. Ninaamini kwamba sifuri ya kijitabu ilizaliwa hapo, na kwa bahati mbaya ikalingana na ile hesabu ya mbili na nne kutoa tatu na tatu, ndiyo maana hakuna aliyeitilia shaka.

Kinachohitajika ni kuiachia w iwe huru, kama mstari wa `bounds` unavyofanya hapa:

```python
from scipy.optimize import linprog
r = linprog(c=[0, 0, 1],
            A_ub=[[2, -3, -1], [-3, 4, -1]], b_ub=[0, 0],
            A_eq=[[1, 1, 0]], b_eq=[1],
            bounds=[(0, None), (0, None), (None, None)])
print(r.x)
```

Majibu ni takriban 0.5833, 0.4167 na −0.0833, yaani 7/12, 5/12 na −1/12. Ufute mstari wa `bounds`, ufunge mabano, na sifuri ya uongo inarudi.

Hata hivyo, nisingependa mtu aniamini kwa sababu kompyuta yangu imetoa namba tofauti na ya kijitabu. Programu ya Shufwa na programu ya Witiri ni pande mbili za kitu kimoja, na thamani zao bora lazima zilingane. Mwanahisabati John von Neumann alithibitisha mwaka 1928 kwamba kila mchezo wa aina hii una thamani moja kwa pande zote mbili, na George Dantzig, mbunifu wa mbinu ya simpleksi, alipomwendea mwaka 1947 kumweleza kuhusu programu za mstari, von Neumann alitambua mara moja kwamba uhusiano uleule uko huko pia. Kwa hiyo jibu kamili ni mkakati wa huyu pamoja na mkakati wa yule, na kila anayelisoma anaweza kulikagua kwa kalamu. Shufwa akitumia 7/12 na 5/12, anapata (14 − 15)/12 dhidi ya kidole kimoja na (−21 + 20)/12 dhidi ya viwili. Zote ni −1/12, kwa hiyo hawezi kushushwa chini ya hapo. Kwa kuwa jedwali halibadiliki safu zake zikigeuzwa kuwa safuwima, Witiri akitumia namba hizohizo anamzuia Shufwa asipande juu ya −1/12. Sakafu na dari zimekutana, na hakuna nafasi iliyobaki ya kubishania. Kijitabu kingedai ukaguzi huo wa mistari miwili, sifuri isingefika kwenye mashine ya fotokopi.

Ninakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba kwa jedwali la mbili kwa mbili kanuni ya mkato, ile ya kinyume cha matriksi, inafika haraka kuliko simpleksi. Ninakubali pia kwamba mkakati huu ni wa kujikinga. Witiri akizembea na kuonyesha kimoja na viwili nusu kwa nusu, Shufwa anayeonyesha viwili kila mara angepata wastani wa nusu sarafu, ilhali anayeshikilia 7/12 na 5/12 anaendelea kupoteza ileile 1/12. Programu ya mstari inakulinda dhidi ya mpinzani bora; haikuahidi kumvuna mpinzani mzembe.

Vilevile, 7/12 lazima itoke kwenye bahati nasibu ya kweli, si kwenye zamu unayoipanga kichwani, kwani Witiri ataisoma zamu hiyo. Saa ya mkononi ambayo hujaitazama inatosha: sekunde zikiwa kati ya 0 na 34, onyesha kimoja, zikiwa 35 au zaidi, onyesha viwili.

Ukurasa unaofuata wa kijitabu unauliza mchezo huohuo kwa vidole hadi vitatu, na hapo kanuni ya mkato inayotumia kinyume cha matriksi haisaidii tena, kwa sababu ditaminanti ya jedwali lile ni 0. Safu zake ni 2, −3, 4. Kisha −3, 4, −5. Kisha 4, −5, 6. Ongeza 6 kila mahali, na programu ya mstari inatoa x za 1/24, 1/12 na 1/24, ambazo jumla yake ni 1/6. Thamani ya mchezo ulioongezwa ni 6, na ya mchezo wa asili ni 0. Shufwa aonyeshe kimoja kwa 1/4, viwili kwa 1/2 na vitatu kwa 1/4, naye Witiri vivyo hivyo. Kagua safuwima ya kwanza: 2/4 − 3/2 + 4/4 ni 0, na mbili zilizobaki ni hivyohivyo. Kwa mchezo huo wa vidole vitatu, jibu la "haki" ni sahihi, na kijitabu kimeliacha swali hilo bila jibu.