Tarakimu za jibu huamuliwa kwenye mizani

Katika maabara za madini hapa Lubumbashi, ripoti ya unyevu wa mchanga wa shaba mara nyingi hubeba tarakimu ambazo mizani haikuzitoa. Kwa maoni yangu kosa hilo ni zito kuliko linavyochukuliwa, kwa sababu tani za shaba hukokotolewa kutokana na unyevu huo.

Tuchukue mizani inayosoma hadi gramu 0,01. Sahani tupu ina gramu 48,23. Ikiwa na sampuli mbichi ina 58,20. Baada ya kukaushwa kwa nyuzi 105 na kupoa, ina 57,83. Sufuri ya 58,20 lazima iandikwe, kwa kuwa mizani iliipima kweli. Uzito wa sampuli ni 9,97, na maji yaliyotoka ni 0,37. Hapa ndipo wengi hupotea: kila usomaji ulikuwa na tarakimu muhimu nne, lakini tofauti yake imebaki na mbili tu, kwa sababu katika kutoa tunachunga nafasi za desimali, wala si idadi ya tarakimu. Kikokotoo kitaonyesha asilimia 3,71113, ila gramu 0,01 ikiongezeka au kupungua kwenye maji, jibu linasogea hadi karibu 3,8 au 3,6. Kinachostahili kuandikwa ni asilimia 3,7.

Hata hivyo, 3,7 ni ya kuripoti, si ya kuendelea nayo katika hesabu. Tuseme lori limebeba tani 34,64 za mchanga mbichi, na mchanga mkavu una asilimia 28,46 ya shaba. Tukiacha tarakimu zote ndani ya kikokotoo, tani kavu ni 33,3545 na shaba ni 9,4927, yaani tani 9,49. Anayekadiria tani kavu kuwa 33,4 kabla ya kuzidisha atapata 9,51, na kilo 20 za shaba zitakuwa zimezaliwa kwenye karatasi. Jibu lina tarakimu tatu, ingawa unyevu ulikuwa na mbili, kwa sababu 100 ukitoa 3,7 hubaki 96,3. Wanaofuata kwa upofu kanuni kwamba jibu lisizidi tarakimu za kipimo chenye chache zaidi wangeandika 9,5 na kutupa taarifa halali.

Anayetaka tarakimu zaidi asizitafute kwenye kikokotoo. Apime gramu 200 badala ya 10 kwenye mizani ileile: maji yatakuwa takriban gramu 7,42, tarakimu tatu, na unyevu utaripotiwa kama 3,71. Kisha akaushe sehemu ya pili ya sampuli hiyohiyo. Ikitoa 3,94, basi sampuli haikuchanganywa vizuri, na hiyo 1 ya mwisho haina msingi, hata kama mizani iliisoma sawasawa.