Kiitaliano cha Mashine: Kusahihisha Sentensi au Kuhariri Barua Nzima?

Wanaotetea uhariri mwepesi wa tafsiri za mashine, yaani kurekebisha makosa ya wazi tu, wana hoja nzito: Kiitaliano kinachotoka siku hizi kwa kawaida kina sarufi safi, na malipo ya kazi hii, ambayo mara nyingi ni madogo kuliko ya kutafsiri upya, hayaruhusu kila sentensi kupimwa kama imeandikwa leo. Tatizo ni kwamba makosa yanayosumbua zaidi hukaa ndani ya sentensi ambazo, kila moja ikisomwa peke yake, hazina kosa.

Tuchukue barua rasmi kwa mwombaji kazi: "Mkurugenzi alifika jana na amesoma maombi yako. Tafadhali jaza fomu iliyoambatishwa." Mashine inaweza kutoa: "Il direttore è arrivato ieri e ha letto la sua domanda. Compila il modulo allegato." Kiswahili hakikutaja jinsia, kwa hiyo mashine imekisia mwanamume. Kama mkurugenzi ni mwanamke, kubadili nomino tu hakutoshi: inakuwa "La direttrice è arrivata", kwa sababu kitenzi kishiriki kinachoandamana na "essere" hufuata kiima, ilhali "ha letto" inabaki vilevile kwa kuwa inaandamana na "avere". Mhariri mwenye haraka hurekebisha kimoja akasahau kingine, au hubadilisha hata kisichohitaji.

Hapo ndipo "sua" inapoleta utata. Neno hilo hufuata jinsia ya "domanda", si ya mwenye maombi, na linaweza kumaanisha maombi ya mkurugenzi mwenyewe, ya mtu wa tatu, au ya mwombaji anayeandikiwa kwa heshima. Herufi kubwa, "la Sua domanda", husaidia katika barua, lakini "la domanda da Lei presentata" haiachi shaka. Sentensi inayofuata imeshuka rejista, yaani kiwango cha heshima: "Compila" ni amri ya "tu", "wewe" ya kirafiki, ilhali barua hii inahitaji "Lei", "wewe" ya heshima, yaani "Compili" au "La preghiamo di compilare". Kutafuta "tuo" na "ti" katika faili hakutainasa, kwani amri haina kiwakilishi chochote.

Upande wa pili utajibu kwamba baadhi ya mifumo, kama DeepL, humruhusu mtumiaji kuchagua rejista kabla ya kutafsiri. Ni kweli, na kwa miongozo ya matumizi isiyotaja watu, uhariri mwepesi naona unatosha. Lakini chaguo hilo halijui mkurugenzi ni nani. Kiwango cha ISO 18587 cha mwaka 2017 kinahusu uhariri kamili, na kwa barua ningeshika huo: kuuliza jinsia ya kila mhusika na kuamua kati ya "tu" na "Lei" kabla ya kugusa sentensi ya kwanza, kisha kusoma Kiitaliano chote bila kutazama chanzo. Katika usomaji huo wa pili, kila "suo", "sua" na "Le" huulizwa swali moja: msomaji atajuaje ni ya nani?