Tofauti ya bei ihesabiwe guta likishusha mzigo

Mwaka mmoja nilikuwa naweka vitabu vya karakana moja ya sare za shule, Buguruni. Ikifika Novemba cherehani hazilali, maana shule zikifungua Januari kila mzazi anataka shati jeupe siku hiyo hiyo. Kwenye viwango vyetu vya gharama tulikubaliana kwamba shati moja linakula mita 1.5 za kitambaa, na mita moja ni sh. 4,000.

Mnunuzi wetu akarudi kutoka Kariakoo anachekelea. Alikuwa amepata mita 2,000 kwa sh. 3,700. Guta liliposhusha majora nikaandika hivi: stoo imepokea kitambaa cha 8,000,000 kwa bei ya kiwango, muuzaji anatudai 7,400,000, na zile 600,000 za katikati ni tofauti ya bei, nzuri. Bosi akampongeza mbele za watu.

Desemba tukashona mashati 800. Yalitakiwa kula mita 1,200, yakala 1,280. Mita 80 zilizozidi nikazizidisha kwa 4,000, nikapata tofauti ya matumizi ya 320,000, mbaya. Sikutumia 3,700, kwa sababu mkataji hahusiki na mapatano ya dukani. Yeye anaulizwa mita tu.

Aliulizwa kweli, tena kwa ukali. Akanigeukia mimi: "Dada, chukua tepu upime upana. Mimi sijaiba kitambaa cha mtu."

Nikapima. Inchi 54. Patani zetu zote zilikuwa zimepangwa kwa kitambaa cha inchi 58, kwa hiyo kipande cha mkono kilichozoea kubanwa pembeni mwa mgongo sasa kilikosa nafasi na kudai urefu wake chenyewe. Bei rahisi ilikuwa na sababu yake, na sababu hiyo ilimwangukia mtu mwingine mwezi uliofuata.

Mhasibu mwenzangu akaniambia kosa ni langu. Kwa maoni yake, tofauti ya bei ingehesabiwa kitambaa kinapotumika: sh. 300 mara mita 1,280, yaani 384,000, na ingekaa kwenye ripoti moja ya Desemba na zile 320,000 mbaya. Bosi angeziona zote kwa pamoja.

Hoja ina uzito, lakini siikubali. Kwanza, zile 216,000 za mita 720 zilizobaki zingelala stoo mpaka kitambaa kiishe, pengine Machi, na mnunuzi angekuwa ameshakwenda Kariakoo mara mbili tatu bila mtu kujua ananunua vipi. Yeye alifanya uamuzi wake Novemba, juu ya mita 2,000. Apimwe Novemba, kwa mita 2,000. Pili, na hili ndilo linalonikera zaidi: katika zile 384,000 mna 24,000 zinazotokana na mita 80 zilizopotea. Maana yake, kadiri mkataji anavyopoteza kitambaa, ndivyo mnunuzi anavyoonekana hodari. Na angekuwa amenunua ghali, angelaumiwa kwa upotevu wa meza ya ukataji ambayo hata haisogelei.

Hata hivyo mwenzangu aligusa kidonda. Novemba nilifunga hesabu ya bei nikaiacha hapo, kama vile jora halina safari nyingine. Siku hizi kadi ya stoo inabeba upana na namba ya manunuzi, na tofauti ya matumizi inarudishwa kwenye mzigo ilikotoka. Nilifanya hivyo kwa mzigo ule: kwa mita 1.6 kila shati, mita 2,000 zinatoa mashati 1,250, ambayo kwa kiwango yangekula mita 1,875. Upotevu ni mita 125, sawa na sh. 500,000. Kwa hiyo ile 600,000 iliyoshangiliwa ilibaki 100,000, na hapo sijahesabu saa alizopoteza mkataji akihangaika na patani.

Njia hii ina sharti lake ikifika tarehe 31 Desemba. Vitabu vilisema mita 720 zina thamani ya 2,880,000, wakati tulizilipia 2,664,000. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu wa bidhaa, IAS 2, kinaruhusu bei ya kiwango pale tu inapokaribia gharama halisi. Kwa kitambaa hiki haikukaribia, basi nikaondoa 216,000 kwenye stoo na kwenye faida, pamoja na fungu la tofauti hiyo ya bei lililokuwa ndani ya mashati ambayo hayajauzwa.

Bosi akauliza faida yake imekwenda wapi. Nikamwonyesha rafu: imo humo, bado haijakatwa.