Elfu Moja ya Karani

Jumanne asubuhi nilipigiwa simu na msichana wa ofisi ya parseli, mwenye sauti tamu kama ya mtangazaji wa redio. "Bosi, tumemaliza kushughulikia kesi yako. Njoo na kitambulisho uchukue elfu moja mia tatu hamsini." Nilidhani amekosea faili, nikamwomba asome tena. Akasoma tena.

Mzigo wangu ulikuwa boksi la vioo vya simu. Vilikuwa arobaini, na kila kimoja nilikinunua hapa Luthuli, Nairobi, kwa shilingi 1,450. Piga hesabu: 58,000. Boksi zima lilikuwa na uzito wa kilo nne, lilikuwa linaenda kwa fundi wangu wa Kitale, na mara ya mwisho kuonekana lilikuwa linapakiwa. Gari lilifika, dereva alifika, hata gunia la viatu lililokuwa kando yake lilifika.

Sasa hiyo 1,350 ilitoka wapi? Mia tatu hamsini ni nauli ya mzigo, wamenirudishia. Elfu moja ndiyo "thamani" ya boksi langu. Nilitoa risiti kwenye droo nikaitazama vizuri kwa mara ya kwanza. Kuna kisanduku kidogo kilichoandikwa Thamani, na ndani yake, kwa mwandiko wa karani, 1,000. Hakuniuliza. Aliuliza jina, namba ya simu, na "ni nini hii?" Nikasema spea za simu. Hiyo elfu moja aliijaza mwenyewe, kama anavyowajazia wote, kwa sababu foleni ilikuwa ndefu na kisanduku kitupu humletea maneno kwa mkubwa wake. Chini yake kuna sahihi yangu, imetiwa mbio mbio.

Nyuma ya risiti, kwa herufi za kusomwa na sisimizi, kuna masharti. Moja linasema dhamana ya kampuni haitazidi mara kumi ya nauli, isipokuwa mteja ametaja thamani kubwa zaidi na kulipia ada ya asilimia moja. Lingine linasema fidia haitazidi thamani iliyotajwa. Yasome pamoja uone ujanja ulipo. Kama kisanduku kingebaki kitupu, dari ya fidia yangu ingekuwa 3,500. Kwa kuwa kilijazwa 1,000, dari ilishuka hadi hapo. Yaani mkono wa karani ulinipunguzia hata kile kidogo nilichokuwa nacho. Na kama ningesema "ni elfu hamsini na nane, ndugu yangu," ningelipa 580 juu ya 350, na leo tungekuwa tunazungumza mambo mengine.

Hapa ndipo watu wengi hujichanganya. Kutaja thamani si bima. Unachofanya ni kuinua dari. Kitu kikipotea bado utadaiwa risiti za ununuzi, na utalipwa hasara uliyoithibitisha, si ile namba uliyoandika. Ukiandika laki mbili kwa boksi la 58,000, umelipia hewa. Ukiandika kidogo ili uokoe ada, umejifunga mwenyewe. Na faida niliyotarajia kwa fundi, au wateja wake waliohamia kwingine akisubiri, hiyo kwa kawaida haimo kabisa.

Nitakubali jambo moja, na nalikubali shingo upande. Mtu anayekubebea mzigo hadi Kitale kwa mia tatu hamsini hawezi kubeba hatari ya kila kitu kilichofichwa ndani ya kila boksi. Kama angebeba, mwenye gunia la viatu angekuwa analipia vioo vyangu. Ukomo wa dhamana haukuletwa na wezi wa mjini. Uingereza walikuwa na sheria ya wasafirishaji tangu 1830: ukileta dhahabu, saa au vioo vya zaidi ya pauni kumi, utaje thamani na ulipe zaidi, la sivyo usimdai msafirishaji. Ulaya leo, kwa mkataba wa mizigo ya barabarani inayovuka mipaka, dari huhesabiwa kwa uzito: vipimo 8.33 vya fedha ya hesabu ya IMF kwa kila kilo, mpaka utaje thamani na kulipia. Kenya haimo kwenye mkataba huo, lakini jaribu hesabu yake kwa boksi langu la kilo nne: utapata kama elfu sita hivi. Gunia la viazi la kilo hamsini lingelipwa lote na chenji ibaki. Kwa hiyo kanuni ni ileile popote uendapo. Kitu chepesi cha bei ghali ndicho kinachoumia, na mwenye kitu hicho ndiye anayepaswa kufungua mdomo.

Sawa. Lakini mdomo wangu ulifunguliwa na nani? Hilo ndilo linaloniwasha.

Kuna kesi ya zamani ambayo kila mwanafunzi wa sheria anaijua, ya Parker dhidi ya kampuni ya reli, 1877. Bwana aliweka begi stesheni, akapewa tiketi yenye maandishi nyuma kwamba kampuni haitalipa zaidi ya pauni kumi. Begi likapotea. Swali la mahakama halikuwa kama aliyasoma maandishi. Lilikuwa kama kampuni ilifanya vya kutosha kumjulisha kwamba yapo. Ndiyo swali langu pia. Ujumbe wangu wa M-Pesa unaonyesha nililipa saa 5:42. Risiti imepigwa muhuri wa 5:47. Masharti yalinifikia dakika tano baada ya pesa kuondoka.

Binamu yangu ambaye ni wakili alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Umetuma na hao kwa muda gani?" Mwaka na zaidi. "Na risiti ni hiyohiyo?" Ni hiyohiyo. Akacheka. Mazoea hayo yatatumiwa dhidi yangu: mtu aliyepokea karatasi ileile mara thelathini hawezi kusema hajui ina maandishi. Lakini ile 1,000, alisema, ni habari tofauti. Kutaja ni kwa mteja, na mwandiko si wangu. Watasema niliidhinisha kwa sahihi. Nitasema niitwe na karani aitwe, tuulizwe wote wawili.

Deni la 58,000 liko ndani ya kiwango cha Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza hadi milioni moja. Nimekusanya risiti za Luthuli, ujumbe wa M-Pesa na picha ya boksi. Elfu moja mia tatu hamsini sijaichukua. Nikiichukua nitatia sahihi karatasi nyingine, na sahihi zangu za haraka zimeshanitosha.

Wiki iliyopita nilituma vioo vingine, kwa kampuni nyingine. Karani aliandika jina, akaandika simu, kalamu ikaanza kuelekea kile kisanduku. Nikamwambia, "Elfu thelathini na sita, na nataka kulipia ada." Akaniangalia kama niliyeomba kuendesha lori. Nyuma yangu mama mmoja akasema kwa sauti, "Wengine tuna haraka." Karani akainama chini ya kaunta, akatafuta, akaibuka na kitabu cha risiti za ada, akakipuliza vumbi. Kilikuwa kimetumika hadi namba nne.