Game Mode: picha nzuri au pedi inayoitika?

"Nikiwasha Game Mode picha inapauka kabisa. Nikiizima picha inapendeza, lakini mchezaji wangu anachelewa kugeuka. Nicheze na ipi?"

Kwa gemu la mpira, la ngumi au la kufyatua risasi, washa Game Mode, ule mpangilio wa runinga unaopunguza uchakataji wa picha ili pedi iitike haraka. Hata hivyo wanaoizima wana hoja, na sehemu ya hoja hizo ni ya kweli. Ili kuzipima vizuri, tuone kwanza muda huwa unapotelea wapi.

PS4 hutuma kwenye runinga picha 60 kwa sekunde, yaani kila fremu ina takriban milisekunde 16.7. Runinga ikiipokea fremu, haiionyeshi hapo hapo. Inaipitisha kwenye chipu inayosafisha chembechembe, kulainisha mwendo na kupanga mwanga wa kioo. Kuna kazi zinazofanyika ndani ya fremu moja, na hizo hazili muda wa kuhisika. Kuna nyingine haziwezekani mpaka fremu moja ilinganishwe na inayofuata. Kubwa kati ya hizo ni ulainishaji wa mwendo, ambao kwenye LG utauona kama TruMotion, kwenye Sony ni Motionflow na kwenye Samsung nyingi ni Auto Motion Plus. Runinga haiwezi kubuni picha ya katikati ya fremu ya kwanza na ya pili kama ya pili haijafika. Kwa hiyo ile ya kwanza inashikiliwa kwanza, na wewe kwa muda huo umeshabonyeza pedi. Noise Reduction, yaani usafishaji wa chembechembe, nayo mara nyingi hulinganisha fremu vilevile. Ukijumlisha yote, runinga nyingi bila Game Mode huchelewesha milisekunde 60 hadi 120 hivi. Ukiiwasha, nyingi za miaka ya karibuni hushuka hadi kati ya 10 na 20.

Hoja ya kwanza ya upande wa pili ni kwamba mtu huchukua kama milisekunde 200 au zaidi kuitikia anachokiona, hivyo 100 za runinga hazina uzito. Hesabu hiyo ina kasoro. Muda wa runinga haufichwi ndani ya muda wako, unaongezwa juu yake. Kama beki wako alitakiwa kuingia miguuni baada ya milisekunde 220, sasa anaingia baada ya 320, na hizo ni fremu sita ambazo mshambuliaji ameshakupita.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, na huisikia sana kwenye vibanda vya gemu: watu wawili wakicheza kwenye runinga moja, wote wanacheleweshwa sawa, kwa hiyo hakuna anayeonewa. Kweli, mizani iko sawa. Kinachobadilika ni mchezo wenyewe. Anayeshambulia amepanga hatua zake, hivyo anaweza kubonyeza mapema na kuuzoea ucheleweshaji. Anayelinda anategemea kuona kwanza ndipo aitikie, na yeye ndiye anayelipa gharama. Kwenye runinga inayochelewesha sana, mechi hugeuka kuwa ya kukimbizana na kupiga krosi, na mtu mwenye ulinzi mzuri anaonekana wa kawaida. Ukicheza mtandaoni hata ule usawa unatoweka, maana runinga ya mpinzani wako si yako, na ucheleweshaji wako unapanda juu ya ule wa intaneti.

Kama hujui runinga yako iko upande gani, pima kwa simu yenye kamera ya polepole ya fremu 240 kwa sekunde. Weka pedi mbele ya kioo ili kidole na picha vyote vionekane, kisha rekodi ukibonyeza kitufe cha kuruka au kupiga. Ifungue video na uhesabu fremu tangu kitufe kinapozama mpaka mchezaji anapoanza kusogea. Kila fremu ya simu ni takriban milisekunde 4.2. Tuseme umepata fremu 46 bila Game Mode na 24 ukiiwasha. Hizo 46 si za runinga peke yake, kwa kuwa ndani yake kuna pedi, konsoli na gemu lenyewe. Tofauti ya fremu 22, yaani karibu milisekunde 92, ndiyo ambayo Game Mode imeiondoa kwenye runinga. Rudia mara kadhaa, kwa sababu bonyezo moja linaweza kuangukia mwanzo au mwisho wa fremu ya gemu. Ikiwa namba mbili zinakaribiana, basi ulichobadilisha ni rangi tu. Kwenye Samsung kadhaa swichi yenyewe haiko kwenye orodha ya picha, iko chini ya General, External Device Manager. Kwenye Sony ni Picture Mode ya Game.

Sasa kuhusu kupauka, ambalo ndilo lalamiko lenye haki kuliko yote. Game Mode mara nyingi huja na rangi ya ubaridi, inayovuta bluu, na Sharpness iliyopandishwa sana. Lakini rangi, mwangaza na ukali wa kingo ni kazi za ndani ya fremu moja. Ukiweka Color Tone kwenye Warm, ukashusha Sharpness na kupandisha Backlight, huchelewi kwa lolote la maana. Kama nyeusi inaonekana kijivu, tatizo huenda haliko kwenye Game Mode kabisa: konsoli inatuma nyeusi ya kiwango kimoja na runinga inangoja kingine. Kwenye PS4 nenda Settings, Sound and Screen, Video Output Settings, na RGB Range iwe Automatic. Kwenye runinga tafuta HDMI Black Level. Kwenye Samsung ijaribu kwenye Low, na uangalie kama weusi wa usiku kwenye gemu unarudi bila kumeza vitu vilivyomo gizani.

Wengine wanaona njia rahisi ni kubaki Standard na kuzima kimoja kimoja. Hiyo hupunguza sehemu tu, kwa kuwa fremu bado inapita kwenye njia ile ile ndefu. Njia hii naikubali pale tu ambapo runinga haina Game Mode. Hapo zima ulainishaji na Noise Reduction, kisha ujaribu kuipa ile HDMI jina la PC, maana kwenye baadhi ya Samsung na LG jina hilo hupunguza uchakataji.

Kuna mahali ambapo nakubaliana na wanaoizima. Gemu la hadithi linalokwenda fremu 30 kwa sekunde, la kutembea na kutazama mandhari, hukatika-katika ukizungusha kamera, na ulainishaji kweli hulipendezesha. Hakuna wa kukunyang'anya mpira humo. Samsung kadhaa zina Game Motion Plus, inayolainisha ndani ya Game Mode kwa ucheleweshaji mdogo kuliko wa kawaida. Hiyo ni suluhu nzuri kwa gemu za namna hiyo, ila izime ukirudi kwenye mpira.

Kazi ya kuwasha na kuzima inawahusu zaidi wenye PS4, kwani haina ALLM, yaani ishara ya konsoli inayoiambia runinga iwashe Game Mode. PS5 na Xbox Series X zinayo, na runinga inayoielewa huwasha Game Mode yenyewe gemu linapoanza. Kwa PS4 jihadhari na kitu kimoja: runinga nyingi huhifadhi mpangilio wa picha kwa kila tundu la HDMI peke yake. Waya ukihamishwa kutoka HDMI 1 kwenda HDMI 2, Game Mode inabaki kule ulikoiacha.