Droo Imejaa, Faida Imepungua

Mjomba alipougua mgongo aliniachia duka lake kwa wiki moja. Lilikuwa duka la vitu vya nyumbani, na kitu kilichotoka kuliko vyote kilikuwa sabuni ya kufulia. Nilitaka arudi akute nimefanya jambo la kuonekana, nikaona njia ya karibu ni kushusha bei ili wateja wamiminike. Mpaka leo, nikimwona mfanyabiashara mdogo amebandika bei ya kutupa bila kupiga hesabu, naumia. Najua anachokiona kwenye droo yake, na najua asichokiona.

Nitatumia namba nyepesi, wewe weka sarafu yako. Kipande kimoja tulikinunua duka la jumla kwa 80 na kukiuza kwa 100. Wiki ya kawaida tuliuza vipande 60. Mimi nikashusha bei hadi 90. Kupunguza 10 kwenye 100 nililiona jambo dogo. Wiki ile vikatoka vipande 100, na sabuni ambayo ilizoea kutuletea 6,000 ikaleta 9,000. Nilishinda nimesimama, jioni miguu imevimba, lakini droo ilikuwa haifungiki vizuri na moyo wangu ulikuwa mweupe.

Mjomba aliporudi hakuniuliza tumeuza kiasi gani. Alikaa, akataka daftari, akaniambia nizipange pesa zote za sabuni juu ya meza.

"Haya, mpwa wangu, mtolee mwenye mali chake kwanza."

Ili kurudisha vipande 100 kwenye rafu tulihitaji 8,000. Nikazihesabu, nikazisogeza upande wa pili wa meza. Zikabaki 1,000. Kisha akaniambia nifanye vivyo hivyo kwa wiki ya kawaida: kwenye 6,000 toa 4,800 za mali, zinabaki 1,200. Akanitazama. Nilikuwa nimebeba, nimepanga na kuuza vipande 40 zaidi, na mkononi nilikuwa na 200 pungufu.

Hapo ndipo wengi tunapopotea. Punguzo tunalipima kwa bei, wakati linatoka kwenye faida. Ile 10 ilikuwa sehemu moja ya kumi ya bei, lakini ilikuwa nusu nzima ya faida, maana faida yetu kwa kipande ilikuwa 20 tu. Ukishakata nusu ya faida, inabidi uuze mara mbili ndipo urudi pale ulipokuwa: vipande 120, si 100. Na hapo utakuwa umerudi tu, bado hujaongeza hata senti.

Mjomba hakuishia hapo. Aliuliza mzigo umeletwa mara ngapi. Safari moja ya mkokoteni ilibeba vipande 60 na ilitugharimu 250. Wiki ya kawaida tulikodi mara moja, mimi nilikodi mara mbili. Basi toa 250 kwenye 1,200, zinabaki 950. Toa 500 kwenye 1,000, zinabaki 500. Wiki niliyoiona ya neema ilikuwa imetupa karibu nusu ya kile tulichozoea kupata. Mjomba alikuwa akipenda kusema mali bila daftari hupotea bila habari, na siku ile nilielewa kuwa inaweza kupotea hata droo ikiwa imejaa.

Jambo la tatu lilinigusa zaidi, kwa sababu halikuwa la namba. Alitaka kujua vile vipande 40 vya ziada walivichukua akina nani. Nilikumbuka vizuri. Vipande 30 vilichukuliwa na watu wawili tu, na wote wawili walikuwa na vibanda vyao vya kuuzia.

"Umekuwa duka lao la jumla," alisema, "na mkokoteni umewalipia wewe."

Vile 10 vilivyobaki vilichukuliwa na wateja wetu wa siku zote, waliozoea kununua kimoja na safari hii wakabeba viwili. Mjomba akaniuliza kama nguo za kufua nyumbani kwao zimeongezeka. Hazikuwa zimeongezeka. Kwa hiyo walikuwa wamenunua leo sabuni ya wiki ijayo, na wiki ijayo wasingekuja kuitafuta. Alipekua pia kurasa za viberiti, ndoo na mafuta ya taa, aone kama waliofuata sabuni waliondoka na kitu kingine. Mauzo yalikuwa yale yale. Huo ndio upimaji ambao ningemwomba kila mwenye duka aufanye kabla ya kujifariji kwamba bei ya chini "inavuta watu". Huenda inawavuta kweli, na wakaja kuchukua kile kile kisicho na faida.

Nilidhani atarudisha bei palepale. Badala yake alisema tuiache wiki moja zaidi, nijionee mwenyewe. Wiki ya pili vikatoka vipande 70. Wateja wetu walikuwa bado na akiba majumbani, na mmoja wa wale wenye vibanda hakutokea. Halafu, katikati ya wiki hiyo, duka la jumla likapandisha bei ya kununulia kutoka 80 hadi 86.

Hapo hesabu ikageuka kabisa. Kwa bei yangu ya 90, kila kipande kilituachia 4. Hata tungeuza tena 100 kama wiki ya kwanza, tungepata 400, na mikokoteni miwili inakula 500. Tungemaliza wiki tumechoka, rafu tupu, na tumepungukiwa na 100 kutoka mfukoni mwetu. Bei nyembamba haina pa kupokea pigo. Faida ya 20 ingeumia kwa kupanda kule, lakini ingebaki 14.

Ikabidi bei ipande, na hili ndilo lililotusumbua kwa muda mrefu kuliko yote. Ili kurudi kwenye faida ya 20 tulihitaji kuuza kwa 106. Kama tungekuwa bado kwenye 100, mteja angeona nyongeza ya 6 na pengine asiseme kitu. Kwake sasa bei halali ilikuwa 90, nami nilikuwa nimemfundisha hivyo. Akaona tumempandishia 16 kwa mpigo. Mama mmoja aliyekuwa akinunua kwetu tangu sijazaliwa alikigeuza kipande mkononi, akakirudisha taratibu kwenye rafu, akaondoka bila kuniaga. Mjomba alitumia wiki kadhaa kumweleza kila mteja, mmoja mmoja, kwamba mali imepanda kule tunakoinunua. Waliokuwa wakiniona mimi mwema walimwona yeye mroho. Sijawahi kulipenda hilo.

Mtu asidhani mzee huyu alikuwa mgumu wa kupunguza. Miezi michache baadaye paa lilivuja usiku, katoni moja ya sabuni ikalowa na kuanza kulainika. Nilitaka kuiuza kwa 90, angalau izidi bei ya kununulia. Yeye akaandika 50 kwenye kipande cha boksi, akakiweka mlangoni. Nikamkumbusha kuwa tumenunua kwa 86. Akasema ile 86 imekwenda na mvua, swali lililobaki ni tutapata ngapi kabla sabuni haijageuka uji. Ikaisha kabla ya adhuhuri. Zile pesa hakuziacha kwenye droo hata saa moja: alinituma nazo duka la jumla nikaongezee mzigo mkavu, na fundi wa paa alilipwa kutoka mfuko mwingine.