Siffin na Ngamia: tusipime kwa mizani mbili

Kisa cha mahakimu wawili waliochaguliwa kusuluhisha vita vya Siffin, kati ya Imam Ali na Muawiya, wengi tumekisikia darasani. Abu Musa al-Ash'ari, kwa upande wa Imam Ali, anasimama mbele ya watu na kuwavua madaraka Ali na Muawiya kwa pamoja. Amr bin al-As, wa upande wa Muawiya, anamfuata: naye anamvua Ali, ila Muawiya anamthibitisha. Wanatukanana, kikao kinavunjika.

Mimi sikikubali kama kilivyo. Muawiya avuliwe nini? Mwaka 37 Hijria alikuwa liwali wa Shamu anayedai kisasi cha Khalifa Uthman aliyeuawa, si khalifa. Tazama hati ya makubaliano aliyoinukuu mwanahistoria Tabari. Amr alikataa Ali aandikwe Amiri wa Waumini, cheo kikaondolewa, na Ali akakumbuka Mtume alivyokubali kufutiwa cheo chake siku ya Hudaibiya. Mahakimu wakatakiwa wahukumu kwa Qur'ani, na wasipopata humo, kwa sunna ya uadilifu inayounganisha watu. Madai ya Muawiya kuwa khalifa hayamo.

Sanadi, yaani mlolongo wa wapokezi, nayo haikisaidii kisa hicho. Tabari amekitoa kwa Abu Mikhnaf wa Kufa, naye kakipokea kwa Abu Janab al-Kalbi, na wanahadithi wamewadhoofisha wote wawili.

Hapo wengi wa wenzangu hufunga kitabu, na hapo ndipo nisipokubaliana nao. Wakirudi nyuma mwaka mmoja, kwenye Vita vya Ngamia huko Basra, husimulia bila wasiwasi kwamba suluhu ilikuwa imekaribia, al-Qa'qa' bin Amr, mjumbe wa Ali, akiwa ameshazungumza na Bibi Aisha, Talha na Zubair, kisha waliohusika na mauaji ya Uthman wakaanzisha vita gizani ili isipatikane. Simulizi hiyo ni ya Saif bin Umar, naye pia wanahadithi wamemdhoofisha! Mwanahadithi Ibn Hajar alisema Saif ni dhaifu katika hadithi lakini ni tegemeo katika historia. Sawa, ila basi Abu Mikhnaf naye asitupwe kwa udhaifu wa hadithi peke yake. Tumempokea mmoja kwa sababu anawasafisha masahaba, tukamkataa mwingine kwa sababu anatuumiza.

Tofauti yao inaonekana wazi kwenye tukio moja la siku ile ya Ngamia. Kwa Saif, aliyeinua msahafu kuzuia vita ni Kaab bin Sur, kadhi wa Basra, wa upande wa Bibi Aisha, akauawa kwa mishale. Katika riwaya nyingine, aliyeubeba ni kijana aliyetumwa na Ali, na waliomuua ni watu wa Basra. Kila upande una shahidi wake wa msahafu, na lawama ya kuanza vita inamfuata muuaji.

Tabari ameziweka zote katika kitabu kimoja, kila moja na majina ya wapokezi wake, na katika utangulizi ametahadharisha kwamba atakachokichukia msomaji kimetoka kwao, yeye amekifikisha tu kama alivyofikishiwa. Ninachowaomba walimu wetu ni kuyasoma majina hayo kwa sauti kabla ya kisa chenyewe, cha Ngamia na cha Siffin vilevile.